Shimo chini ya mkeka: sentensi moja kuhusu Kalala Ilunga

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja nyumbani Jumapili moja ya kiangazi akiwa na simu iliyojaa sauti ya mzee mmoja wa Katuba. Alikuwa anaandika memwari yake ya historia hapa Lubumbashi, na mzee huyo, Muluba aliyezaliwa upande wa Kabongo, alikuwa amemsimulia habari za wafalme kwa karibu saa mbili. Kijana alikuwa na furaha. Alikuwa ameshaandika ukurasa wa kwanza, na sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Ufalme wa Waluba ulianzishwa mwaka 1364 na Kalala Ilunga, baada ya himaya ya kwanza ya Nkongolo kuanguka."

Nikamwuliza: huo mwaka 1364 umetoka wapi? Nkambo huyo wa Katuba alikutajia?

"Hapana yaya, ni mimi nilipiga hesabu."

Tulikaa na sentensi hiyo mpaka bukari ikapoa. Karibu kila neno lake lina tatizo, na kila tatizo ni la aina yake.

Nianze na alichosimulia mzee, kwa ufupi, kwa wale ambao hawakukua wakisikia kisa hiki. Nkongolo alikuwa mtawala mwekundu wa rangi, mlevi, mkatili, mwenye mji wake Mwibele karibu na ziwa Boya. Kutoka mashariki akaja mwindaji aitwaye Mbidi Kiluwe, mweusi wa kung'aa, mtu wa adabu ambaye hakukubali kuonekana akila. Mbidi akawaoa dada za Nkongolo, na mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Mbidi akarudi kwao. Mtoto akakua, akawa shujaa wa vita, mjomba akaanza kumwogopa. Nkongolo akachimba shimo, akapanda mikuki ndani, akafunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma juu yake. Kijana akaonywa, akaruka, akakimbilia kwa baba yake ng'ambo ya mto. Akarudi na jeshi, Nkongolo akakatwa kichwa, na Kalala Ilunga akaweka mji wake Munza. Kwake ndiko kulikoanza bulopwe, yaani ufalme mtakatifu unaopita katika damu.

Sasa twende kwenye mwaka.

Mzee alitaja majina 18, kuanzia Kalala Ilunga hadi Kasongo Kalombo. Kasongo Kalombo ni nukta ya kuaminika, kwa sababu mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alifika katika mji wake akazuiliwa huko kwa miezi, na aliandika aliyoyaona. Hapo masimulizi na karatasi vinakutana. Mdogo wangu akafikiri hivi: kutoka jina la kwanza hadi la mwisho kuna hatua 17, kila hatua ni kizazi, kizazi ni miaka 30, kwa hiyo miaka 510. Ukitoa 510 katika 1874 unabaki na 1364.

Hesabu ni safi, tatizo ni neno "kizazi". Kizazi ni umbali kati ya kuzaliwa kwa baba na kuzaliwa kwa mtoto, na miaka 25 au 30 si makisio mabaya. Lakini orodha ya wafalme si orodha ya baba na mtoto, ni orodha ya waliokaa kwenye kiti. Kwa Waluba, mfalme akifa, watoto wake wa mama tofauti waligombania kiti, kila mmoja akiungwa mkono na ukoo wa mama yake. Ndugu alimfuata ndugu. Mwingine alitawala muda mfupi tu, akauawa. Majina matatu katika orodha yanaweza kuwa ya watu wa kizazi kimoja. Kwa hiyo kinachohesabiwa ni tawala, na wastani wa utawala mahali ambapo ndugu hupokezana kiti unaweza kuwa miaka 12 tu, au hata pungufu.

Nikamwambia apige tena kwa 12. Mara 17 ni 204. Ukitoa katika 1874 unapata 1670.

Akanyamaza. Orodha ni ileile, mzee ni yuleyule, majina hayakupungua hata moja, na mwanzo umehama kwa miaka 306. Njia ya kati ni kujaribu kujua nani alikuwa mtoto wa nani. Tuseme katika majina 18 tunabaki na vizazi 9 vya kweli. Kwa miaka 27 kila kimoja tunapata 243, na mwanzo unaangukia 1631. Hata hii haistahili kuandikwa kama mwaka. Inastahili kuandikwa "labda katika karne ya 17", na neno "labda" lisianguke njiani, kwa maana memwari ya mmoja huwa chanzo cha memwari ya mwingine.

Kuna hatari nyingine ambayo hesabu haiioni kabisa. Sikiliza rekodi yenyewe. Kwa Nkongolo, Mbidi na Kalala Ilunga mzee alitumia karibu saa nzima, na maneno ya majibizano na nyimbo. Kwa wafalme wanne au watano wa mwisho alitumia dakika arobaini, kwa sababu hao wana wajukuu, vita vyao vinakumbukwa, mipaka yao bado inagombaniwa. Katikati? Majina kama kumi yalipita kwa dakika mbili, jina na "akamfuata", jina na "akamfuata". Masimulizi ya ukoo wa kifalme karibu kila mahali yana kiuno chembamba hivi: kichwa kinene cha mwanzo, miguu minene ya juzi, na katikati pembamba. Jan Vansina, aliyefanya kazi kwa miaka mingi kwa Wakuba wa Kasai na ambaye vitabu vyake vya 1961 na 1985 ndivyo vilivyoweka kanuni za kazi hii, aliliita pengo linaloelea. Linaelea kwa sababu haliko mahali pamoja. Kadiri miaka inavyopita, linasogea nalo, likimeza majina ambayo hakuna tena anayeyahitaji. Hivyo 18 ni idadi ya waliobaki kwenye kumbukumbu, si lazima idadi ya waliotawala. Na kinyume chake hutokea pia: mtu aliyewahi kuwa mshindani huingizwa katika orodha na uzao wake kama mfalme kamili.

Mdogo wangu akauliza swali zuri. Kama ni hivyo, hakuna njia yoyote ya kupata mwaka kutoka mdomoni?

Ipo, lakini inahitaji bahati. Masimulizi yakitaja jambo la angani ambalo wanafalaki wanaweza kulipigia hesabu kurudi nyuma, una msumari wa kutundikia. Wakuba wanakumbuka kupatwa kwa jua katika utawala wa mmoja wa wafalme wao wa zamani, na watafiti wameliunganisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1680. Ila hata hapo uwe macho. Jua linapopatwa ni ishara inayomfaa mfalme mkubwa, na simulizi hupenda kuhamisha ishara kubwa hadi kwenye jina kubwa. Msumari unashika vizuri zaidi pale tukio linapotajwa chini ya mfalme asiye na sifa yoyote nyingine, kwa sababu hakuna mtu ambaye angekuwa na faida ya kumpa.

Mwaka tukauweka kando. Neno la pili lilikuwa "ulianzishwa".

Hapa tunaye shahidi mwingine ambaye hazungumzi: udongo. Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, kuna mahali paitwapo Sanga. Jacques Nenquin alichimba huko mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata mwaka 1958, na Pierre de Maret akaendelea kuanzia 1974 katika Sanga na vijiji vya jirani. Makaburi yaliyofunuliwa Sanga peke yake yanazidi 100. Ndani yake kuna vyungu vya ufundi wa hali ya juu, vyuma, vito vya shaba na, katika makaburi ya baadaye, misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha. Vipimo vya kaboni vinaonyesha kwamba watu wa ufinyanzi unaoitwa wa Kisale waliishi pale takriban kati ya karne ya 8 na ya 13, na waliofuata walidumu hadi karne ya 18, karibu kabisa na Waluba ambao babu zetu waliwajua.

Katika kaburi moja la kale huko Kamilamba, la karne ya 8 au ya 9, palikutwa shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari, pamoja na fuawe ya chuma. Mtu yeyote aliyeona vifaa vya machifu wa Kiluba atajua kwa nini watafiti walishtuka. Shoka la namna hiyo ni alama ya ukubwa mpaka leo, na katika kumsimika mfalme, fuawe na nyundo ni kitu cha katikati.

Weka sasa mashahidi wawili bega kwa bega. Mzee wa Katuba anasema ustaarabu wa ufalme, pamoja na ufundi mzuri wa chuma, uliletwa na mwindaji kutoka mashariki na mwanawe. Udongo unasema chuma, shoka la heshima na fuawe kaburini vilikuwepo bondeni karne nyingi kabla ya mwaka wowote tuliopata kwa hesabu, hata ule wa 1364. Basi mzee amedanganya?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwa upande mmoja au mwingine. Wengine hutupa simulizi: hadithi tu, mtu mwekundu na mtu mweusi, upinde wa mvua na mvua (maana Nkongolo ni jina la upinde wa mvua pia), ngano ya kueleza kwa nini duniani kuna jeuri na adabu. Luc de Heusch aliandika hivyo mwaka 1972, na usomaji wake una nguvu, hasa mahali pa kula hadharani na kula kwa siri. Wengine hufanya kinyume: wanashikilia kila neno, kisha wanakwenda kutafuta Kalala Ilunga makaburini. Kwa mfano, kuelekea karne ya 14 ufinyanzi wa Upemba unabadilika, na desturi za kuzika nazo zinabadilika. Mkono unawasha kuandika: huyu hapa, amefika na jeshi lake! Lakini chungu kikibadilika umbo, hujajua bado kama mfalme amebadilika, au soko limebadilika, au mabinti wa wafinyanzi wameolewa kijiji kingine. Kaburi halina jina. Na tusisahau jambo dogo la jiografia: machimbo makubwa yamefanyika kando ya maziwa ya Upemba, wakati kisa kinasema mambo yalitokea Boya na Munza, mbali kaskazini. Mashahidi wetu wawili hawakusimama mahali pamoja. Si ajabu wasione kitu kimoja.

Mimi nasoma hivi. Simulizi halituambii nani alifua chuma kwanza. Kwa swali hilo ni shahidi dhaifu, na udongo umemshinda. Linatuambia kwamba watu waliotawala walitaka kujulikana kama watu wa chuma, wa uwindaji na wa kula kwa siri, na kwamba walimhitaji baba mgeni ili haki yao isitegemee ukoo wowote wa hapo nyumbani. Mgeni asiye na upande anafaa sana kuwa mzizi wa mfalme anayepaswa kuamua kati ya pande. Na katika jambo la chuma, udongo na mdomo kwa kweli vinasaidiana: bila simulizi, shoka na fuawe za Kamilamba zingekuwa mali ya fundi tajiri tu; kwa simulizi na desturi za kusimika, tunapata sababu ya kufikiri kwamba tayari ni alama za mamlaka. Nasema sababu ya kufikiri, si uthibitisho. Miaka elfu moja ni mirefu, na alama inaweza kubaki huku maana ikihama.

Mdogo wangu akajitetea: "Lakini yaya, si nkambo huyu peke yake. Kisa hiki kinasimuliwa kila mahali, Kabongo, Kamina, Malemba, mpaka kwa Wakunda mashariki, na wao wanasema Mbidi alikuwa wao. Mashahidi wote hao wanakubaliana!"

Hoja hii inaangusha watu wengi kuliko hesabu ya miaka. Mahakamani mashahidi kumi wana nguvu kuliko mmoja iwapo kila mmoja aliona kwa macho yake. Kama tisa walisikia kutoka kwa yule wa kwanza, una shahidi mmoja mwenye sauti kumi. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mashahidi, uliza kisa kilisafirije.

Kwa Waluba tunajua kwa sehemu. Kulikuwa na chama cha Mbudye, na ndani yake wataalamu walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Hao ndio waliofundisha na kuhuisha habari za wafalme, na walikuwa na kifaa cha kazi: lukasa, ubao unaoshikika kwa mkono, uliopambwa kwa shanga, simbi na michongo. Msomaji aliushika kwa mkono mmoja na kupitisha kidole cha mkono mwingine juu ya shanga, huku akisimulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ni mtu mkubwa na watu wake. Mstari wa shanga ni njia au safari. Lakini lukasa si maandishi. Shanga zilezile zinasomwa tofauti mbele ya watu tofauti, kwa sababu kazi yake ni kumkumbusha anayejua tayari. Inazuia mpangilio usipotee. Haizuii maneno yasibadilike.

Tena, dola lilipopanuka, machifu wa mbali walipokea alama za ukubwa kutoka katikati, na pamoja na alama wakapokea kisa. Kudai kwamba babu yako alihusiana na Mbidi au Kalala Ilunga kulikuwa njia ya kudai kiti chako. Kwa hiyo kukubaliana kwa vijiji vingi kunathibitisha vizuri sana jambo moja: kwamba ufalme ulifika huko, au kwamba jina lake lilikuwa na bei huko. Hakuthibitishi kwamba shimo lilichimbwa.

Kinachosaidia zaidi ni kutokukubaliana. Katika matoleo mengine aliyemwonya Kalala Ilunga ni mpiga ngoma, aliyebadilisha mdundo ili kijana aelewe kuna hatari chini ya mkeka. Katika mengine ni mganga Mijibu wa Kalenga. Usichague toleo linalopendeza. Uliza: nani leo anapata heshima mpiga ngoma akiwa mwokozi, na nani anaipata mganga akiwa mwokozi? Mara nyingi toleo linakuonyesha msimulizi amesimama wapi. Kisha angalia kilichobaki sawa katika matoleo yote, pamoja na yale ya watu wasio na faida nacho. Na kama katikati ya simulizi la sifa kuna jambo la aibu kwa anayesimulia, lipigie mstari. Watu hawabebi aibu ya babu yao kwa karne mbili bila sababu.

Likabaki neno la tatu, "himaya ya kwanza". Hapa nilimwomba anirudishie rekodi nyuma. Mzee alikuwa anazungumza Kiswahili chetu cha hapa, akichanganya Kiluba kila alipofika kwenye nyimbo na majina ya sifa. Halafu ghafla, kwa sauti iliyonyooka kama ya mtu anayesoma, akasema: "Kulikuwa na ampiri ya kwanza, ya Nkongolo, na ampiri ya pili, ya Kalala Ilunga." Katika saa mbili zote, neno hilo la Kifaransa linatokea hapo tu.

Mgawanyo huo wa himaya ya kwanza na ya pili una historia yake, na historia hiyo imeandikwa. Ulipata umaarufu kwa kitabu cha Edmond Verhulpen, ofisa wa utawala wa Kibelgiji, kilichotoka mwaka 1936. Kutoka humo ukaingia katika vitabu vingine na mashuleni. Mzee wetu alisoma shule ya misheni. Alichokisoma utotoni kimeingia katika alichokisikia kwa babu yake, na leo vinatoka mdomoni pamoja, vikiwa na mvi zilezile. Mwanafunzi anarekodi, anaandika "kwa mujibu wa mapokeo simulizi", na kitabu cha 1936 kinarudi maktabani kikiwa kimevaa ngozi ya mzee.

Namna ya kulitambua jambo hili si ngumu ukishajua pa kutega sikio. Lugha inabadilika ghafla. Wimbo unakoma. Kunatokea nambari, "ya kwanza, ya pili", au tarehe, au mpaka wa ramani, vitu ambavyo simulizi lenyewe halina desturi navyo. Maelezo yanafanana neno kwa neno na ya mzee mwingine aliyesoma shule ileile, lakini hayafanani na ya dada yake ambaye hakusoma. Hii ndiyo sababu nilimtuma kijana arudi akamwulize nkambo maswali ambayo wengi huona haya kuyauliza: hii ulisikia kwa nani? Ulikuwa na umri gani? Mlikuwa wapi, ilikuwa matanga au kusimika chifu? Na hili, ulilisikia au ulilisoma? Si kumdharau. Mzee hukasirika ukimwambia amekosea. Ukimwuliza nani alimfundisha, hufurahi.

Pia nilimwomba aache kuuliza "lini" na aanze kuuliza "wapi". Masimulizi haya ni maskini wa miaka na tajiri wa mahali. Mfalme wa Waluba akifa, mji wake uligeuka kitenta, kijiji cha roho yake, na mwanamke aitwaye mwadi alikaa hapo akiwa amebeba roho ya mfalme, na nafasi yake ilirithiwa na mwanamke wa ukoo wake. Kwa hiyo kila mfalme aliacha anwani. Jina lisilo na kitenta, lisilo na mwadi, lisilo na wimbo wa sifa, ni jina la kulitilia shaka kidogo. Jina dogo lenye kijiji kinachojulikana, ambacho watu wa hapo wanakitaja bila kuulizwa, lina uzito kuliko kurasa kumi za vita. Na kijiji unaweza kwenda kukiona, kukipima, siku moja hata kukichimba.

Alirudi baada ya wiki mbili na daftari. Kwa majina 18, mzee alikuwa na kitenta cha majina 11. Saba hayakuwa na mahali, na matano kati ya hayo yalikuwa ya kundi lile la "akamfuata" la katikati. Kuhusu ampiri mbili, mzee alicheka akasema hiyo ilikuwa ya darasa la tano, "padri alituchapa kwa ajili yake". Babu yake hakuwahi kuhesabu himaya. Alikuwa anasema tu "wakati wa Nkongolo" na "baada ya bulopwe kuja".

Sentensi ya kwanza ya memwari sasa inasomeka hivi: "Masimulizi ya kifalme ya Waluba, kama yalivyohifadhiwa na msimulizi mmoja wa Katuba mwenye asili ya Kabongo, yanaanza bulopwe kwa Kalala Ilunga, orodha yake inafungwa kwa Kasongo Kalombo, aliyekuwa akitawala mwaka 1874, na mwanzo wake hauwezi kuwekewa mwaka kwa orodha peke yake." Ni ndefu, na kijana anaiona mbaya. Mwongozaji wake ameipigia mstari mwekundu chini ya "peke yake" na kuandika pembeni: basi kwa kitu gani kingine? Ndiyo sura yake ya pili.

Majina saba yasiyo na kijiji ameyaweka kwenye karatasi moja mbali. Mzee ana dada Kabongo, mkubwa kwake, ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Wamempigia simu mara mbili, mtandao unakatika, lakini mara ya pili kabla haujakatika alishasema kwamba mpiga ngoma hakuwepo kabisa, ni mganga, na kwamba kaka yake alikuwa analala kila mara kisa kilipofika hapo.